Pasheni inarudisha pesa haraka, kahawa inachelewa: nichague ipi?

Mwalimu, salamu kutoka Bombo. Nimestaafu jeshi, nina ekari moja upande wa Luweero, urithi wa baba, haina mgogoro. Nimetenga shilingi milioni 6 kutoka kwenye kiinua mgongo. Moyo wangu uko kwa kahawa ya robusta, lakini kijana wangu anayesoma uhasibu Kampala anasema pasheni. Amepiga hesabu anayoiita muda wa kurejesha mtaji, akapata kwamba pasheni inarudisha pesa yote kwa mwaka mmoja na miezi 7, kahawa kwa miaka minne na miezi mitano. Karatasi yake ni hii.

Pasheni: kuanzisha milioni 6. Kinachobaki baada ya gharama ni milioni 3 mwaka wa kwanza, milioni 5 wa pili, milioni 2 wa tatu, halafu mimea imechoka.

Kahawa: kuanzisha milioni 4, kisha palizi na mbolea milioni 1 mwaka wa kwanza na milioni 1 wa pili. Mwaka wa tatu inabaki milioni 1, wa nne milioni 3, kuanzia wa tano milioni 4.5 kila mwaka. Ametumia bei ya shilingi 4,000 kwa kilo ya kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa ikiwa bado na maganda yake.

Majirani wenye kahawa wanaicheka hesabu hii, lakini hakuna anayenionyesha kosa liko wapi. Pensheni yangu inatosha chakula, karo za watoto wawili ndizo zinanibana. Nimsikilize kijana?

Mstaafu, Bombo

*

Afande, nimeipitia karatasi ya kijana mstari kwa mstari na sikuona kosa la kujumlisha wala la kugawanya. Ameuliza pesa itarudi lini, akapata jibu sahihi. Kisha amelichukua jibu hilo akalitumia kwa swali jingine kabisa, yaani mradi upi utakuachia mali zaidi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Angalia jinsi hesabu yake inavyotembea. Anajumlisha mapato mwaka baada ya mwaka, na siku jumla inapofika milioni 6 anaweka kalamu chini. Kwa pasheni, kalamu inawekwa chini katikati ya mwaka wa pili. Kinachokuja baada ya hapo ni milioni 2 zilizobaki za mwaka huo na milioni 2 za mwaka wa tatu, basi, shamba limekwisha. Kwa kahawa, kalamu inawekwa chini katikati ya mwaka wa tano, wakati ambapo mikahawa ndiyo kwanza imefikia mavuno yake kamili. Mwaka huo bado una milioni 2.5 mbele yake, na mwaka wa sita, wa saba na wa nane kila mmoja unaleta milioni 4.5. Hizo ni milioni 16, na hakuna hata shilingi moja ya hizo iliyoingia kwenye uamuzi wa kijana. Pasheni imeshinda kwa sababu ya kasi ya milioni 6 za mwanzo, na milioni 4 zake za ziada zimehesabiwa sawa na milioni 16 za kahawa: zote sifuri.

Ukitaka kumwonyesha bila kugombana, mwambie afanye jaribio dogo. Kwanza afute mwaka wa tatu wote wa pasheni, achukulie kwamba ugonjwa umeimaliza mimea Desemba ya mwaka wa pili. Halafu kwenye kahawa aongeze miaka, aifikishe ishirini badala ya minane. Apige upya muda wa kurejesha mtaji. Atapata majibu yaleyale: mwaka mmoja na miezi 7, miaka minne na miezi mitano. Mradi mmoja umepoteza mwaka mzima wa mapato, mwingine umeongezewa zaidi ya muongo mmoja, na kipimo hakijatikisika. Kipimo kisichosikia mabadiliko makubwa namna hiyo hakiwezi kupewa kazi ya kuamua.

Nimeishia mwaka wa nane kwa makusudi, ili hesabu isiwe na upendeleo kwa kahawa. Robusta inaishi miaka mingi zaidi ya hapo, lakini baada ya takriban miaka saba au minane ya mavuno wakulima hukata mashina karibu na ardhi ili yachipue upya, na wakati huo mavuno hupungua sana. Kwa hiyo nimeihesabu kahawa mpaka pale tu ambapo mti wa kwanza haujahitaji kufufuliwa. Chochote kitakachokuja baadaye ni nyongeza.

Sasa kijana atakujibu, na atakuwa na haki, kwamba milioni 4.5 ya mwaka wa nane haiwezi kulinganishwa na milioni 4.5 ya leo. Ni kweli, na dawa yake ipo. Kila pato la baadaye tunalishusha kulingana na bei ya pesa, yaani kile ambacho pesa hiyohiyo ingeleta kama ungeiweka mahali pengine. Kwako mahali pengine si pa kufikirika. Hati fungani za serikali ya Uganda unaweza kuzinunua kuanzia shilingi 100,000, na zile za muda mrefu zimekuwa zikilipa miaka ya karibuni kiwango kinachozunguka asilimia 15 kwa mwaka. Basi tuseme 15. Kwa kiwango hicho, milioni 1 utakayoipata baada ya mwaka mmoja ina thamani ya leo ya shilingi 870,000 hivi. Ya baada ya miaka minne ni 572,000. Ya baada ya miaka minane ni 327,000 tu. Unaona jinsi kahawa inavyoadhibiwa hapa kwa kuchelewa kwake, tena vikali.

Hata baada ya adhabu hiyo, pasheni inabaki na ziada ya takriban milioni 1.7 kwa thamani ya leo, na kahawa milioni 4.1. Maana ya ziada hii ni ile inayopita kile ambacho hati fungani zingekupa. Kwa hiyo miradi yote miwili ni mizuri kuliko kuiacha pesa serikalini, na kahawa ni nzuri zaidi ya mara mbili, ikiwa makisio ya karatasi yatasimama.

Kuna pingamizi moja zaidi ambalo mtu makini ataleta. Pasheni ni ya miaka mitatu na kahawa ni ya minane, je, si unaweza kupanda pasheni tena, na tena? Hili si la kupuuza, kwa sababu mradi mfupi unaoweza kurudiwa una nguvu ambayo jumla ya mzunguko mmoja haionyeshi. Nimepiga mizunguko mitatu mfululizo, miaka tisa, kila mmoja ukifanana na wa kwanza. Ziada yote inafika karibu milioni 3.6 kwa thamani ya leo. Pengo limepungua sana, lakini kahawa bado iko mbele, na imetumia miaka minane tu. Pamoja na hayo, sidhani kama mizunguko mitatu kwenye ekari ileile ni jambo la kutegemea. Pasheni yetu inasumbuliwa na mnyauko unaobaki ardhini na virusi vinavyofanya matunda kuwa magumu na madogo. Shamba lililokufa kwa mnyauko halirudishiwi pasheni mara moja, linahitaji kupumzishwa kwa mazao mengine. Mzunguko wa pili wa karatasi utakuwa dhaifu kuliko wa kwanza, kama utakuwepo.

Mpaka hapa ningekuwa nimeipa kahawa ushindi, lakini sijamaliza, maana hofu ya kijana ina msingi ambao karatasi yake haikuusema. Thamani yote ya kahawa iko mbali, na vitu vilivyo mbali ndivyo vinavyoharibika bila mtu kujua mapema.

Chukua bei. Hesabu yenu imesimama juu ya kilo 1,800 za kiboko mwaka wa mavuno kamili, yaani kilo 4 kwa kila mche katika miche 450 ya ekari. Kwa shilingi 4,000 hizo ni milioni 7.2, na ukitoa milioni 2.7 za mbolea, palizi na uvunaji ndipo inabaki milioni 4.5. Ikishuka bei mpaka 2,500, gharama zikikaa palepale, inabaki milioni 1.8 tu. Bei imeshuka kwa chini ya asilimia 40, kilichobaki kimeshuka kwa asilimia 60. Ukipiga upya miaka yote minane kwa bei hiyo, ziada ya milioni 4.1 inageuka hasara ya zaidi ya milioni 2. Mpaka wenyewe uko karibu na shilingi 3,000 kwa kilo: juu ya hapo kahawa inazishinda hati fungani, chini ya hapo inashindwa. Wewe umeishi Luweero, unajua kwamba kiboko imewahi kuuzwa chini ya 3,000 na si zamani sana, na unajua pia imepanda juu ya 4,000. Hilo ndilo swali la kukaa nalo usiku. Muda wa kurejesha mtaji, hata ukipigwa kwa uangalifu gani, haukufikishi kwenye swali hili, kwa sababu miaka inayobebwa na bei hiyo umekwisha kuiacha nje.

Hatari ya pili ni ya miti yenyewe. Mnyauko wa kahawa ulionekana nchini mwaka 1993 huko Bundibugyo, ukasambaa, na katika miaka iliyofuata ukaua karibu nusu ya robusta ya Uganda. Mkulima aliyepanda mwaka 1990 akitegemea mavuno ya miaka ishirini alikuwa na hesabu nzuri kwenye karatasi. Leo kuna aina za robusta zinazostahimili mnyauko, zile zinazoitwa KR, zilizotolewa na watafiti wa Kituza, Mukono. Kama kitalu unachonunua hakiwezi kukuambia miche yake ni KR namba ngapi na imetoka wapi, usitumie miaka minane kwenye hesabu yako, maana hujui kama utaipata.

Na hapa ndipo naweza kusema kwa moyo wote kwamba kijana hakufundishwa upuuzi. Muda wa kurejesha mtaji una kazi yake, na kazi hiyo ni ya chekeche: kutenga haraka yale yasiyofaa kupimwa zaidi, kabla hujapoteza siku nzima kwa hesabu ndefu. Chekeche halipangi washindi. Linafanya kazi vizuri pale ambapo miradi inayolinganishwa inafanana umri na umbo la mapato. Kama ungekuwa unachagua kati ya pampu mbili za kumwagilia, zote za miaka mitano, bei moja, na moja inaokoa pesa haraka kuliko nyingine, basi muda wa kurejesha ungekupa jibu lilelile ambalo hesabu ndefu ingekupa, kwa dakika mbili. Inapolinganishwa mimea ya miaka mitatu na miti ya miaka minane na zaidi, chekeche hilohilo linatupa punje nzuri.

Linafanya kazi vizuri pia pale ambapo muda wa baadaye kweli si wako. Ekari yako ni ya urithi na haina mgogoro, ndiyo maana naweza kuzungumza nawe juu ya mwaka wa nane. Mtu aliyekodi shamba kwa miaka miwili hana mwaka wa nane. Kwake kipimo ni kikali na ni sahihi: pesa isiporudi ndani ya mkataba, na ikiwezekana mapema zaidi, asipande. Vilevile mwenye kibanja ambacho mwenye ardhi anakitaka, au mwenye biashara inayotegemea kibali kinachoweza kuondolewa mwakani. Kwa hawa, kuipa sifuri miaka ya baada ya kurejesha si upofu, ni tahadhari yenye sababu. Kwa hiyo kabla ya kutumia kipimo hiki, mtu ajiulize kwa nini ameamua kuipa miaka hiyo sifuri. Kama sababu ipo, aendelee. Kama hakuna sababu ila kwamba ndivyo fomula ilivyo, aweke kalamu chini.

Matumizi ya tatu yanakuhusu wewe moja kwa moja, Afande, na ndiyo sehemu ya barua yako iliyonishughulisha kuliko zote. Umesema karo zinakubana. Muda wa kurejesha mtaji haukuonyeshi utajiri, lakini unaonyesha muda ambao mfuko wako utakuwa mtupu. Kahawa itachukua milioni 4 mwanzoni na milioni 1 kila mwaka kwa miaka miwili, na katika miaka hiyo haitakupa chochote. Mwaka wa tatu itakupa milioni 1 peke yake. Karo haingoji.

Unajua kinachotokea kwa mkulima aliyebanwa hivyo. Mfanyabiashara anakuja shambani kahawa ikiwa bado maua, analipa kidogo mkononi, na mavuno ya msimu yanakuwa yake. Wengi wanaouza maua wana kahawa nzuri kabisa. Waliipanda bila kupima kama wataweza kuisubiri. Ukiuza maua ya mwaka wa tano na wa sita kwa nusu ya thamani, unakuwa umetoa kwa mkono wako ileile thamani ya baada ya kurejesha mtaji ambayo ndiyo sababu ya kuchagua kahawa. Nilipigia hesabu hilo: ukipata nusu tu ya kilichobaki katika miaka hiyo miwili, milioni 2 hivi za thamani ya leo zinaondoka, na kahawa inabaki karibu milioni 2, jirani kabisa na pasheni ya mzunguko mmoja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kahawa, lakini isiwe ekari ya kahawa tupu, na isianze kabla hujalijaza pengo la miaka mitatu ya mwanzo. Panda matooke ndani ya kahawa, kama wanavyofanya majirani zako wengi. Migomba inatoa kivuli kwa miche michanga na mikungu inaanza kukatwa kabla kahawa haijatoa chochote. Kati ya mistari, misimu ya mwanzo, weka maharage, usipande mahindi yanayoigombania miche mwanga na mbolea. Sikuweka mapato hayo kwenye hesabu ya hapo juu kwa sababu karatasi yenu haikuwa nayo, na kila ekari ina yake. Kaa na kijana mkadirie kwa bei za soko la Wobulenzi, mwaka wa kwanza na wa pili peke yake, mtoe mbegu na vibarua. Kisha linganisheni kinachobaki na karo ya muhula kwa muhula, kwa tarehe, maana mavuno yakija mwezi wa saba hayasaidii karo ya mwezi wa pili.

Pengo likibaki, punguza kahawa. Nusu ekari itagharimu karibu nusu ya pesa kuanzisha, na nusu nyingine ya ekari ndiyo mahali pa pasheni ya kijana, kwa mzunguko mmoja, akiisimamia yeye mwenyewe. Pasheni ikichoka, ukiweza kumudu, kahawa inaingia pale. Ziada ya jumla itakuwa ndogo kuliko ekari nzima ya kahawa iliyosubiriwa vizuri, lakini kubwa kuliko ekari nzima ya kahawa iliyouzwa maua.

Na milioni 2 zile za palizi na mbolea za mwaka wa kwanza na wa pili, usiziingize shambani siku ya kuanza, hata miche ikionekana rahisi na ukatamani kuongeza ekari ya kukodi. Ziweke kando kwa jina lake. Miche iliyokosa palizi na mbolea miaka miwili ya mwanzo haifiki kilo 4 mwaka wa tano, na hesabu yote niliyokupigia imesimama juu ya kilo hizo.